Seva ya Duka Haifikiki kutoka Nje Ingawa Poti Imeelekezwa: Mwongozo wa Kukitafuta Kizuizi

Ukurasa wa Port Forwarding kwenye ruta hauonyeshi dosari yoyote: poti 8080 inaelekezwa kwenye kompyuta yenye anwani 192.168.1.10, kanuni imewashwa, na mhudumu aliye kaunta anaufungua mfumo wa mauzo bila shida. Mwenye duka, akiwa nyumbani, anaona ukurasa mweupe unaozunguka mpaka kivinjari kinaposema kwamba seva imechelewa mno kujibu. Kinachofuata mara nyingi ni fundi kuifuta kanuni ile, kuiandika upya, kuizima na kuiwasha ruta, kisha kukuta hali ni ileile. Visa vingi vya aina hii havitokani na kanuni iliyoandikwa vibaya, bali vinatokana na ukweli kwamba ruta iliyowekewa kanuni hiyo siyo inayoishika anwani ambayo mtu wa nje anaibisha hodi.

Tuchukue mfano wa duka la vifaa vya ujenzi lililoko Morogoro, ambalo mwenyewe anaishi Dodoma na anataka kuona mauzo na mabaki ya bidhaa kila jioni. Kampuni ya intaneti imeleta faiba na kufunga kisanduku chake ukutani. Kisanduku hicho kinajiita 192.168.100.1 kwa upande wa duka. Kwa kuwa waifai yake haikufika stoo, mwenye duka alinunua ruta nyingine yenye nguvu zaidi, inayojiita 192.168.1.1, akaiunganisha kwa kebo nyuma ya kisanduku. Seva ni kompyuta ya Windows iliyoungwa kwenye ruta hiyo ya pili. Anwani za umma zitakazotajwa humu ni za mfano tu.

Kabla ya kugusa kitu, inafaa kufahamu kinachotendeka ndani ya ruta. Kila ruta inayotafsiri anwani huweka jedwali: kompyuta ya ndani ikitoa ombi, ruta huandika mstari unaosema ombi hili ni la nani, na jibu likirudi hufuata mstari huo. Ombi linaloanzia nje halina mstari, kwa hiyo hutupwa kimyakimya. Kanuni ya kuelekeza poti ni mstari wa kudumu unaoandikwa kwa mkono ili ombi la nje lisitupwe. Kama njiani kuna visanduku viwili vinavyotafsiri, mistari miwili inahitajika, mmoja katika kila kisanduku. Na kama kimojawapo kiko katika jengo la kampuni ya intaneti, huwezi kuuandika mstari wake hata ukeshe.

Hatua ya 1: Hakikisha seva yenyewe haihusiki

Fungua Command Prompt kwenye seva na uulize nani anaisikiliza poti hiyo:

```
netstat -ano | findstr :8080
```

Ukiona `0.0.0.0:8080` pamoja na neno `LISTENING`, programu inapokea maombi kutoka kila upande wa mtandao. Ukiona `127.0.0.1:8080` peke yake, programu inaisikiliza kompyuta yake yenyewe tu, na dawa yake iko katika mipangilio ya programu ya mauzo, siyo katika ruta.

Mtego wa pili uko kwenye ukuta wa ulinzi wa Windows, nao huwadanganya hata mafundi wazoefu. Kanuni za ukuta huo zinaweza kuruhusu anwani za mtandao wa ndani pekee, jambo linaloandikwa `Local subnet` katika sehemu ya Scope. Kompyuta ya kaunta, iliyo katika mtandao uleule, itapita. Simu ya mwenye duka iliyoko Dodoma itakataliwa, ingawa ruta zote zimeelekeza vizuri. Fungua Windows Defender Firewall, nenda kwenye Inbound Rules, itafute kanuni ya programu yako, uangalie Scope na vilevile Profiles, yaani kama inahusu mtandao wa Private tu au na wa Public pia. Kumbuka mahali hapa, kwa sababu tutapahitaji tena mwishoni.

Hakikisha pia kwamba anwani 192.168.1.10 imefungwa kwa seva hiyo katika orodha ya DHCP ya ruta. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta isiyofungiwa anwani inaweza kupewa nyingine, na kanuni ikabaki inaelekeza kwa printa.

Hatua ya 2: Pima ukiwa nje kweli

Kujaribu anwani ya umma huku simu ikiwa kwenye waifai ya duka si kipimo. Ruta nyingi haziwezi kulirudisha ndani ombi lililotoka ndani kwenda kwenye anwani yake yenyewe, kwa hiyo njia inaweza kuwa wazi kwa ulimwengu mzima na bado ikashindwa ukiwa umekaa kaunta. Nyingine hulirudisha vizuri, zikakupa matumaini yasiyo na msingi. Zima waifai, washa data za simu, ndipo ujaribu.

Angalia pia namna inavyoshindikana. Ukikaa muda mrefu na hatimaye kivinjari kikasema muda umekwisha, ombi limetupwa mahali fulani bila jibu. Likikataliwa papo hapo, basi kuna kifaa kilichopokea ombi na kujibu kwamba poti imefungwa. Lakini usikimbilie kusema kifaa hicho ni chako, kwani kinaweza kuwa mtambo wa kampuni ya intaneti.

Hatua ya 3: Linganisha anwani tatu

Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu, na haichukui muda. Andika kwenye karatasi anwani tatu: ile ambayo ruta yako imepewa upande wa nje, ile ambayo kisanduku cha faiba kimepewa upande wa nje, na ile inayoonekana na dunia. Mbili za kwanza zinapatikana katika kurasa za Status za vifaa hivyo, kwa kawaida kwenye mstari ulioandikwa WAN IP au Internet IP. Ya tatu unaipata kwa kuuliza kutoka kwenye seva:

```
curl -4 https://ifconfig.me
```

Katika duka letu la Morogoro karatasi ilisomeka hivi: ruta ya dukani ilikuwa na 192.168.100.7, kisanduku cha faiba kilikuwa na 100.72.14.9, na dunia iliiona 203.0.113.45. Kama anwani ya ruta yako ingekuwa sawa na ile inayoonekana na dunia, tafsiri ingekuwa moja tu, na kanuni yako ingetosha. Hapa zote tatu zinatofautiana, maana yake tafsiri zinafanyika mara tatu: mbili ndani ya duka na moja kwenye mtambo wa kampuni.

Anwani za ndani hutambulika kwa sura. Zinazoanza na 10, zinazoanza na 192.168, na zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31 zilitengwa kwa matumizi ya ndani na haziwezi kufikiwa kutoka kwenye intaneti. Kundi la kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 lilitengwa mwaka 2012 mahususi kwa kampuni za intaneti zinazowachangisha wateja wengi anwani moja ya umma, utaratibu unaoitwa CGNAT. Isome namba ya pili kwa makini, kwa sababu 100.72 imo ndani ya kundi hilo, ilhali 100.20 ni anwani ya umma kama nyingine. Baadhi ya kampuni hutumia pia anwani zinazoanza na 10 kwa kazi hiyohiyo, hivyo usingoje lazima uione 100.

Uchangiaji huu umetokana na uhaba. Anwani za IPv4 ni takriban bilioni 4.3 tu; hazina kuu ya dunia iliisha Februari 2011, na AFRINIC, shirika linalogawa anwani barani Afrika, tangu Januari 2020 hutoa zisizozidi 1,024 kwa mgao mmoja. Kwa kuwa kila anwani ina zaidi ya poti 65,000, kampuni inaweza kumkatia kila mteja kipande cha poti na kuwaweka wengi nyuma ya anwani moja. Kwa mtu anayeperuzi tu haina tatizo. Kwa mwenye seva, ina maana kwamba anayegonga 203.0.113.45:8080 anafika kwenye mtambo wa kampuni, ambao hauna mstari wowote unaolitaja duka lako.

Amri ya `tracert` inasaidia kuona safu hizo kwa macho:

```
tracert -d -h 3 1.1.1.1
  1   <1 ms   <1 ms   <1 ms  192.168.1.1
  2    1 ms    1 ms    1 ms  192.168.100.1
  3    6 ms    5 ms    6 ms  100.72.0.1
```

Kuona ruta mbili za ndani katika mistari miwili ya kwanza ni dalili nzuri ya tafsiri mbili dukani. Mstari wa tatu, kwa upande mwingine, usiuchukulie kuwa ushahidi kamili, kwa sababu kampuni nyingi huvipa vifaa vyao vya njiani anwani za ndani hata pale mteja anapokuwa na anwani ya umma. Hukumu ibaki kwenye ukurasa wa Status wa kisanduku cha nje kabisa.

Amua sasa unakwenda wapi. Kama kisanduku cha faiba kina anwani ya umma inayolingana na ile inayoonekana na dunia, tatizo lako ni la ndani ya duka, na hatua ya 4 inakutosha. Kama kina anwani ya ndani kama ile ya 100.72.14.9, usipoteze jioni nzima kupanga upya ruta mbili. Ukizipanga vizuri kiasi gani, mtambo wa kampuni utaendelea kulitupa ombi. Nenda hatua ya 5.

Hatua ya 4: Ondoa tafsiri ya pili dukani

Njia iliyo safi kuliko zote kwa duka dogo ni kuifanya ruta yako iwe kituo cha waifai tu. Ingia kwenye mipangilio yake, chagua Access Point Mode kama ipo. Kama haipo, zima DHCP, ipe anwani isiyogongana kama 192.168.100.2, kisha uichomoe kebo kutoka tundu la WAN na kuichomeka kwenye tundu mojawapo la LAN. Kuanzia hapo seva itapata anwani kutoka kwa kisanduku cha faiba, kwa mfano 192.168.100.10, na kanuni moja kwenye kisanduku hicho itatosha. Kompyuta za kaunta zilizokuwa zikiitafuta seva kwa 192.168.1.10 zitahitaji kuelekezwa upya, jambo ambalo ni rahisi kulisahau mpaka asubuhi wateja wanapopanga foleni. Lifanye baada ya kufunga duka.

Njia ya pili ni kukifanya kisanduku cha faiba kipitishe tu bila kutafsiri, yaani Bridge Mode, ili ruta yako ipokee anwani ya umma moja kwa moja. Ni nzuri, ila kampuni nyingi hufunga ukurasa huo kwa mteja, na pale inapotumika PPPoE utahitaji jina la mtumiaji na nywila ambavyo fundi wao aliviingiza bila kukuachia. Waulize kwanza. Ukibadilisha bila kuwa navyo, duka zima litakosa intaneti.

Kama hakuna kati ya hizo inayowezekana, elekeza mara mbili. Kwenye kisanduku cha faiba, poti 8080 ielekezwe kwenye 192.168.100.7, ambayo ni anwani ya nje ya ruta yako, wala si kwenye anwani ya seva, kwa sababu kisanduku hakijui kabisa kwamba 192.168.1.10 ipo. Kwenye ruta yako, 8080 ielekezwe 192.168.1.10 kama ilivyokuwa. Ifunge 192.168.100.7 katika DHCP ya kisanduku ili isibadilike. Wapo wanaoiweka ruta ya ndani kwenye DMZ ya kisanduku ili wasiandike kanuni kwa kila poti, nayo hufanya kazi.

Angalizo moja: ikiwa vifaa vyote viwili vinatumia 192.168.1.x, ruta haitajua upande wa ndani uko wapi na wa nje uko wapi. Badilisha anwani za kifaa kimojawapo kwanza.

Hatua ya 5: Zungumza na kampuni ya intaneti kwa maneno yasiyo na utata

Ukipiga simu na kusema tu kwamba poti haifunguki, utaambiwa uzime na kuwasha kisanduku. Ukiomba anwani isiyobadilika, unaweza kupewa anwani ya ndani isiyobadilika, na kuilipia kila mwezi bila faida. Kinachohitajika ni anwani ya umma. Ujumbe wa namna hii hufupisha mazungumzo:

"Habari za kazi. Kisanduku chenu katika akaunti yangu kinaonyesha WAN IP 100.72.14.9, ambayo ni anwani ya CGNAT. Naomba kupewa anwani ya umma ya IPv4 kwenye laini hii, inayobadilika au isiyobadilika, na kujulishwa gharama yake. Naomba pia kuthibitishiwa kama mnazuia poti zozote zinazoingia. Natanguliza shukrani."

Wakikubali, zima na kuwasha kisanduku, kisha urudie hatua ya 3 kabla ya kufanya lolote lingine. Anwani ya umma inayobadilika inatosha ukiongeza huduma ya DDNS, inayolifanya jina moja lifuate anwani popote inapohamia. Bila anwani ya umma, DDNS haisaidii chochote: jina litaonyesha 203.0.113.45, ambayo ni ya mtambo wa kampuni, na ombi litafia palepale. Ni bidhaa ambayo watu huuziwa kama dawa ya tatizo hili, na siyo.

Hatua ya 6: Kama anwani ya umma haipatikani, anzia ndani

Mitambo hii yote huzuia maombi yanayoanzia nje, lakini huyaruhusu yanayoanzia ndani. Kwa hiyo seva ya duka inaweza yenyewe kufungua njia ya kudumu kwenda kwenye kompyuta yenye anwani ya umma, na mwenye duka akaingia kupitia huko. Safu za tafsiri, ziwe mbili au tatu, hazina uzito tena, na hatua ya 4 huihitaji. Mimi binafsi ningeichagua njia hii hata pale anwani ya umma inapopatikana, maana ukurasa wa kuingilia kwenye mfumo wa mauzo hauonekani na kila apitaye.

Kodisha seva ndogo ya Linux yenye anwani ya umma, tuseme 198.51.100.20, na uweke WireGuard, programu inayofungua njia hiyo, ndani yake, kwenye seva ya duka, na kwenye simu ya mwenye duka. Kila kifaa hutengeneza jozi yake ya funguo. Ufunguo wa siri haupaswi kuondoka kwenye kifaa chake. Mipangilio ya upande wa duka ni hii:

```
[Interface]
PrivateKey = (ufunguo wa siri wa duka)
Address = 10.8.0.2/24

[Peer]
PublicKey = (ufunguo wa wazi wa seva ya kukodi)
Endpoint = 198.51.100.20:51820
AllowedIPs = 10.8.0.0/24
PersistentKeepalive = 25
```

Simu inapata mipangilio inayofanana na hii, isipokuwa inatumia ufunguo wake na anwani 10.8.0.3/24. Kwenye seva ya kukodi, yenye 10.8.0.1, kila kifaa huandikwa kama `[Peer]` chenye anwani yake moja, yaani `AllowedIPs = 10.8.0.2/32` kwa duka na `10.8.0.3/32` kwa simu. Andika `ListenPort = 51820` katika `[Interface]` yake, ruhusu poti 51820 ya UDP, kisha uruhusu seva hiyo kupitisha pakiti kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine:

```
sudo sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1
```

Amri hiyo hupotea seva ikiwashwa upya, kwa hiyo uandike mstari `net.ipv4.ip_forward=1` katika faili lenye jina linaloishia na `.conf` ndani ya `/etc/sysctl.d/`.

Mstari wa `PersistentKeepalive` upande wa duka ndio unaoishikilia njia. Ruta na mtambo wa kampuni hufuta mistari ya UDP isiyotumika baada ya muda mfupi, na mstari ukishafutwa, simu haiwezi tena kulifikia duka mpaka duka lenyewe lizungumze. Pakiti ndogo kila baada ya sekunde 25 huuweka hai. Ukiona mfumo unafunguka mara tu baada ya mtu kuitumia seva ya duka, kisha unakataa baada ya dakika chache za ukimya, angalia mstari huo kwanza.

Mwenye duka sasa awashe WireGuard kwenye simu akiwa kwenye data, na afungue `http://10.8.0.2:8080`. Isipofunguka, andika `sudo wg` kwenye seva ya kukodi na usome mstari wa `latest handshake` wa kila kifaa. Kama duka halina mstari huo, tatizo ni funguo, anwani ya Endpoint au poti ya UDP. Kama wote wawili wameonana dakika moja au mbili zilizopita na ukurasa bado haufunguki, angalia kwanza kama ukuta wa seva ya kukodi unaruhusu pakiti kupita kati ya vifaa, kisha rudi pale tulipopaacha katika hatua ya 1: kanuni ya Windows yenye Scope ya mtandao wa ndani. Mara nyingi Windows huuhesabu mtandao mpya kama huu kuwa wa Public, na kanuni iliyokuwa inaruhusu Private tu inaukataa. Ongeza 10.8.0.0/24 katika Scope na uwashe Public katika Profiles za kanuni hiyo moja, bila kuuzima ukuta wote.

Asiyetaka kutunza seva ya kukodi anaweza kutumia Tailscale, inayofanya kazi hiyohiyo na kukusimamia funguo. Ila ujue kwamba nayo huvipa vifaa anwani kutoka kundi lilelile la 100.64 hadi 100.127, kwa hiyo ukiiona 100 kwenye orodha ya `ipconfig` baada ya kuiweka, hiyo ni yake, siyo ya kampuni ya intaneti.

Njia hii ikishafanya kazi, rudi kwenye ruta zote mbili ufute kanuni za kuelekeza poti na DMZ zilizobaki. Leo hazina kazi kwa sababu mtambo wa kampuni unayatupa maombi kabla hayajafika. Lakini kampuni inaweza kuihamishia laini yako kwenye anwani ya umma siku yoyote bila kukuarifu, na usiku huohuo poti 8080 ya duka itakuwa wazi kwa intaneti nzima.